Namba Iliyomfunga Abdallah Kwenye Tangi

Nilipofika walikuwa wameshamfunga Abdallah kwenye mguu wa tangi lake la maji kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na kijana mmoja alikuwa anamchapa kwa kipande cha paipu ya mpira. Kofia yake nyeupe ilikuwa imekanyagwa kwenye tope. Damu ilimtoka sikioni ikashuka shingoni, na kila paipu ilipompata alitoa sauti ndogo ya mtu anayejikaza. Mashine ya kuvuta maji ilikuwa imepasuliwa kwa nyundo. Kando yake mama mmoja alishikilia galoni ya petroli kwa mikono miwili, kwa uangalifu, asije akaimwaga bure.

Nitasema wazi kilichowaleta pale, kwa sababu magazeti yaliandika kwamba ni "mzozo wa maji", na huo ni uongo wa watu wavivu. Kilichowaleta pale ni namba. Sifuri nukta tisa nne. Mimi ndiye niliyemfundisha aliyeitoa.

Mimi ni Katunge, kwetu ni Mukuyuni, na nafundisha takwimu jioni katika chuo kimoja mjini Kitui. Wanafunzi wangu ni watu wazima: manesi, makarani, walimu wanaotafuta kupandishwa cheo. Mmoja wao ni Musembi, karani wa rekodi katika zahanati ndogo kijijini, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini. Ni mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Hajawahi kukosa darasa hata moja. Shida yake ni kwamba akipata jibu zuri harudii kuliangalia, analikumbatia na kulala nalo.

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa nasahihisha ripoti zao za mwisho, chai yangu mkononi, nikafungua ya Musembi. Alikuwa amechukua miezi kumi, Januari mpaka Oktoba. Safu ya kwanza: mitungi ya maji iliyouzwa kila mwezi kwenye kisima cha Abdallah, kile kirefu cha kuchimbwa kwa mtambo. Safu ya pili: wagonjwa wa kuhara walioandikwa zahanati mwezi huo. Alichora mstari, akapata R mraba ya 0.94, na chini yake akaandika kwa wino wa kukoleza: "Hii inathibitisha kwamba asilimia 94 ya kuhara inasababishwa na maji ya kisima."

Nilitukana. Niko peke yangu jikoni, nikatukana kwa Kikamba, lugha inayofaa kwa kazi hiyo.

R mraba haisemi hivyo. Inasema tu kwamba katika ile miezi kumi, kupanda na kushuka kwa wagonjwa kulifuatana sana na kupanda na kushuka kwa mitungi, kiasi kwamba mstari ulionyooka unatosha kueleza tisini na nne kwa mia ya tofauti hizo. Nani alimvuta nani, haijui. Nilichukua kompyuta nikageuza safu zake. Nikaweka kuhara mbele, mitungi nyuma, kana kwamba kuhara ndiko kunakomuuzia Abdallah maji. Ikatoka 0.94 ileile, na lazima itoke ileile, kwa sababu kwenye mstari wa vitu viwili hesabu hiyo haina mbele wala nyuma. Kisha nikaangalia miezi. Aprili, mvua ikinyesha, safu zote mbili ziko chini. Septemba na Oktoba, nchi imekauka, zote ziko juu. Jua ndilo lililokuwa likizipandisha zote mbili, na jua halikuwa kwenye ripoti ya Musembi.

Nikampigia simu nikiwa na hasira ya kawaida ya mwalimu.

"Musembi, hii umeandika ni nini?"

"Mwalimu, si umeona? Sifuri nukta tisa nne! Hata wewe ulisema tukipita nane tufurahi."

"Nilisema mstari umekaa vizuri. Sikusema umemshika mwizi."

Nyuma yake nilisikia watu, wengi, na mlio wa chuma kikigongwa.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Nilisomea kamati ya maji jana. Walitaka kujua kwa nini watoto wanakufa. Sasa wako hapa kwa kisima. Wamekuja na petroli."

Watoto wawili walikuwa wamekufa mwezi huo. Mmoja ni Nzisa, wa miaka minne, binti wa Mbaluka, fundi wa matofali. Sampuli za maji zilikuwa zimepelekwa kupimwa lakini majibu hayakuwa yamerudi, na watu waliokuwa wakizika hawakuwa na subira ya kungoja maabara. Nikamwambia Musembi apige simu polisi, kisha afungue rejista ya Oktoba na ahesabu wagonjwa wangapi wanatoka nyumba zenye kadi ya kununulia maji kwenye kisima cha Abdallah, na wangapi nyumba zinazochota mtoni. Niliacha chai pale mezani nikamwita Muthama wa bodaboda, nikamwambia aendeshe kama anafukuzwa.

Kwa hivyo nilifika. Kijana alikuwa anapiga, na watu kama mia mbili walikuwa wanatazama. Sikuwaona wageni wala wahuni. Niliwaona wamama wa kanisa na leso zao, wazee na fimbo zao, mwalimu wa shule ya msingi. Halima, mke wa Abdallah, alikuwa amebanwa ukutani na wanawake wawili anaojuana nao, na alikuwa anawaita kwa majina yao, mmojammoja, "Kaveke, mimi ni Halima! Kaveke!" Kaveke ndiye mama wa yule mtoto Nzisa. Hakumtazama.

Nilimsukuma yule kijana wa paipu kifuani. Alishangaa kuliko kuumia. Mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya ofisi akikusukuma kwetu, kwanza unajiuliza kama ni shangazi yako.

"Mfungueni huyu mzee!"

"Wewe ni nani?" Huyo alikuwa Mbaluka. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono yake imejaa vumbi la matofali, na sikuweza kumchukia hata pale.

"Mimi ni mwalimu wa Musembi."

Mnong'ono ukapita. Mbaluka akasogea karibu.

"Basi asante, mwalimu. Umefundisha vizuri. Miaka yote tunaambiwa tungojee watu wa afya, tungojee ripoti. Huyu kijana wetu ametuonyesha kwa hesabu. Tisini na nne kwa mia. Hata kortini hawafikishi hiyo."

"Amekosea."

Musembi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, shati limechanika, ameshikilia rejista kifuani. Nikamwambia aseme. Na nampa heshima yake: alisema. Alipaza sauti akasema, "Watu wetu, nilikosea! Hiyo namba haisemi nani anasababisha. Nisameheni, nilikosea!"

Mtu akampiga kofi lililoangusha kalamu zake. "Umekula nini kwa Abdallah? Jana ulikuwa na uhakika, leo umekosea?"

Hapo nikaelewa ubaya wa jambo hili. Kumshtaki mtu kwa hesabu ni rahisi. Ukimtetea kwa hesabu hakuna anayekuamini.

Nilipanda juu ya saruji ya tangi. Nilikuwa karibu na Abdallah kiasi cha kusikia pumzi yake ikipiga mluzi kwenye pua iliyovunjika. Akaniambia kwa Kikamba, polepole, "Mwana wa mama, usiwaudhi." Amezaliwa Kitui mjini, baba yake pia, babu yake ndiye aliyetoka pwani na magunia ya nguo. Kikamba chake ni kizuri kuliko changu.

"Nisikizeni!" nikasema. "Jua likikaza, mashimo ya mtoni yanakauka. Mnachimba chini zaidi, maji ni kidogo, mbuzi, punda na watoto wote wanakunywa hapohapo. Watu wanaugua. Na jua hilohilo ndilo linawaleta wengine kununua kwa Abdallah. Vyote viwili vinapanda siku moja kwa sababu ya jua! Musembi, soma."

Musembi akasoma, mdomo umevimba. "Oktoba, wagonjwa sitini na mmoja. Kutoka nyumba zenye kadi ya kisima, tisa. Kutoka nyumba zinazochota mtoni, hamsini na mbili."

"Na nyumba zenye kadi ni ngapi?" nikauliza.

"Karibu nusu ya kijiji."

"Mnasikia? Nusu ya kijiji inakunywa hapa, na wagonjwa ni tisa! Hata hiyo pekee si ushahidi kamili, labda wenye kadi wana vyoo bora, sijui. Lakini kama maji haya ndiyo sumu, hao ndio wangejaa zahanati."

Nilimwona Kaveke akiinamisha kichwa. Nilijua baadaye kwamba wiki ile Nzisa alipougua kadi yao ilikuwa imeisha, na mtoto alinyweshwa maji ya mtoni. Alijua pale alipokuwa amesimama. Lakini mumewe alikuwa mbele ya watu na nyundo mkononi, na yeye akanyamaza.

"Tisa ni watu!" mama mmoja akapiga kelele. "Tisa si mbuzi!"

"Hatutaki tisa," Mbaluka akasema. "Tunataka ile tisini na nne. Hiyo umeikataa au umeigeuza? Hizo vitu zinapanda pamoja ama hazipandi?"

"Zinapanda pamoja, lakini..."

"Amekubali!" Na paipu ikashuka tena, mara mbili, na safari hii Abdallah akalia. Petroli ikaanza kupitishwa juu ya vichwa vya watu kuja mbele.

Nilishikwa na hasira. Naijua hasira yangu, imenikosanisha na wakuu wa idara watatu na mume mmoja. Inanifanya niwe mwerevu kupita kiasi. Niliona meza ya kikundi cha mwethya, kile cha wanawake wanaosaidiana kulima na kusuka, kwa sababu hukutana hapo kisimani, na juu ya meza kitabu chao kimefunguliwa na upepo. Nikakinyakua. Ukurasa ulikuwa na jina moja juu, Syokau, na chini yake idadi ya viondo, vile vikapu vya katani, alivyoleta kila mwezi. Januari mpaka Oktoba. Ningeweza kufungua ukurasa mwingine. Ningeweza kuhesabu magunia ya makaa, au vichwa vya watu kwenye maombi ya mvua. Kila kitu kinachoongezeka kiangazi kingefaa, na kiangazi wanawake husuka zaidi kwa sababu hakuna palizi.

Nilitoa simu, nikaingiza namba kumi za viondo kando ya namba kumi za kuhara za ripoti ya Musembi. Watu walinyamaza wakiniangalia. Ukitaka watu wanyamaze, hesabu kitu mbele yao.

"Haya!" nikasema kwa sauti ya darasani. "Viondo vya Syokau na kuhara. Sifuri nukta tisa saba! Tisini na saba kwa mia! Imempita Abdallah! Sasa mniambie, ni viondo vinavyoharisha watoto?"

Nikangoja wacheke. Darasani hucheka hapo. Miaka kumi na moja nimetumia mfano wa aina hiyo, na kila mwaka hucheka, kisha mmoja husema "aaah", na somo limeingia.

Hakuna aliyecheka. Isipokuwa mmoja. Nyuma ya watu, kwenye kigoda, kulikuwa na mwanamke mzee amekaa na kiondo ambacho hakijaisha mapajani, uzi wa katani bado katika vidole vyake. Alikuwa amekuja mkutanoni kama kila mtu, na kazi yake mkononi. Alicheka kicheko chembamba cha bibi asiye na meno mengi, akasema, "Ati viondo vyangu!" Aliuona utani. Katika watu wote wale, ni yeye peke yake aliyenielewa.

Vichwa vikageuka.

"Anacheka," mtu akasema.

"Tisini na saba," mwingine akasema, taratibu, kama anayeonja chakula.

"Huwa anatema mate kwa uzi akisokota. Nimeona na macho yangu."

"Watoto wake mwenyewe hakuna hata mmoja amebaki."

"Kila akifunga kiondo, tumbo la mtoto linafunguka!"

Huyo wa mwisho sikumjua, na sijui alitoa wapi maneno hayo. Lakini yalipotoka tu yalikuwa kama yamekuwepo siku zote. Sikuwa nimewapa sababu yoyote, wala ugonjwa wowote unaotoka kwenye kiondo. Nilikuwa nimewapa namba, na waliijazia wenyewe yaliyobaki, kwa nusu dakika.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Hapana, ni mfano! Ni mfano tu!"

Walimwacha Abdallah. Jiwe la kwanza lilimpata Syokau begani na bado alikuwa anatabasamu, akitafuta kwa macho ni nani aliyekosea kutupa. La pili lilimpata mdomoni. Akaanguka kutoka kigodani, akajikunja, na kitu alichofanya ni kukinga kile kiondo chini ya tumbo lake ili kisichafuke. Wakamvuta kwa leso. Mtu alimkanyaga mkono wa kulia, kwa makusudi, akiuzungusha mguu kama anayezima sigara, na nilisikia vidole vikivunjika. Nilirukia kundi nikapigwa kiwiko cha jicho. Nikainuka, nikang'ata mkono wa mtu. Nilikuwa nalia na kutukana na kusema "R mraba, R mraba", sijui kwa nini.

Musembi alikuwa amemkata Abdallah kamba kwa kisu cha kukatia mboga ya sukuma. Nilidhani Abdallah atakimbia. Sote tungemkubalia. Yule mzee, amepasuka sikio na pua, akaingia katikati ya watu waleale akiwa ameinama, akajitupa juu ya Syokau. Walimpiga mgongoni kwa mawe na paipu na hakuondoka. Halima, ambaye hakuna aliyekuwa amembana tena, akashika miguu ya bibi, Musembi akashika mabega, nami nikasukuma kwa mgongo, na hivyo, hatua kwa hatua, tukafika chumba cha mashine tukafunga mlango wa chuma. Nje walipiga mlango kwa nyundo. Tulisikia petroli ikimwagwa. Harufu ikaingia chini ya mlango na Halima akaanza kusoma dua kwa sauti, na Musembi akaanza Zaburi kwa sauti, wote wawili kwa pamoja, bila kusikizana.

Kisha risasi hewani, tatu. Polisi walikuwa wamefika.

Syokau alikuwa amelazwa kwenye saruji iliyolowa, kichwa chake mapajani mwangu. Jicho moja lilikuwa halipo mahali pake. Nikamwita bibi kwa lugha yetu, "Susu, nisamehe, susu." Alisema kitu kimoja tu, kwa Kikamba, wazi kabisa. Aliuliza, "Mimi nimefanya nini?" Hakuwa analalamika. Alikuwa anataka kujua kweli, kwa sababu nilikuwa mwalimu, na kwa sababu ni mimi niliyesoma ile namba.

Alikufa njiani, kabla hatujafika hospitali ya Kitui.

Majibu ya maji yalirudi Jumatano. Maji ya kisima cha Abdallah yalikuwa safi. Maji ya mashimo ya mtoni yalikuwa yamejaa vijidudu vya kinyesi. Mashine ikiwa imevunjwa, kijiji kizima kilikuwa kimechota mtoni tangu Jumamosi, na kwenye rejista ya zahanati wagonjwa wa siku nne walikuwa thelathini na nane. Musembi aliniletea hesabu hiyo mwenyewe. Hakuweka mstari wowote juu yake. Aliuliza kama bado anapaswa kurekebisha ripoti yake, nikamwambia ndiyo, na akakaa pale barazani kwangu akairekebisha, sentensi kwa sentensi, mpaka ikawa sahihi. Nilimpa alama zake. Alistahili.

Mbaluka na wengine sita wamekamatwa. Abdallah hajashtaki mtu kwa ajili yake mwenyewe, anasema atasimama kama shahidi wa bibi tu.

Nami niliitwa kituoni kuandika taarifa. Afisa alikuwa msichana mpole, Kathini, na alinipa kiti na maji. Aliandika yote: kamba, paipu, nyundo, petroli. Halafu akageuza ukurasa akauliza swali ambalo mashahidi wengine wote walikuwa wamelijibu sawasawa, akitaka tu kuthibitisha.

"Mwalimu, katika mkutano huo, ni nani aliyelitaja jina la Syokau kwanza?"

Nikamwomba kalamu, nikaandika jina langu mwenyewe.